Chujio lako la mchanga na makaa linafanya kazi? Pima kwa chupa na rula

Maji ya Mto Sabaki hubadilika rangi hata kabla ya tone la mvua kuanguka huku pwani. Mto huu huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukakutana na Mto Tsavo na kuwa Galana, kisha ukaitwa Sabaki unapokaribia Malindi. Mvua ikinyesha bara, siku kadhaa baadaye udongo wa huko hutufikia ndani ya mitungi yetu, na bahari ya Malindi nayo hugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Wakazi wengi wanaoteka mtoni, na wale wanaotegemea silanga, wamejifunza kutengeneza chujio la nyumbani: chupa ya plastiki au ndoo iliyotobolewa, kitambaa mdomoni, kokoto, mchanga, na makaa juu yake. Watoto hulitengeneza shuleni. Ukimwaga maji ya tope juu, chini hutoka maji yaliyo afadhali, na kila mtu hufurahi. Lakini ni afadhali kiasi gani? Na ni kipi kati ya kitambaa, mchanga na makaa kinachofanya kazi hiyo? Jicho peke yake haliwezi kujibu. Maji ya kahawia ndani ya glasi nyembamba huonekana safi, na maji yaleyale ndani ya ndoo huonekana machafu. Aliyehangaika kutengeneza chujio lake naye huliona jema kuliko lilivyo.

Somo hili linaonyesha namna ya kupima uangavu wa maji kwa chupa, kifuniko na rula, na namna ya kutumia kipimo hicho kulijaribu chujio. Linafaa kwa nyumba yoyote, kwa wahudumu wa afya ya jamii, na kwa walimu wanaotaka wanafunzi wapime badala ya kukisia.

Kutengeneza kipimo

Tafuta chupa angavu ya maji ya lita moja na nusu isiyo na rangi. Kata sehemu ya juu pale inapoanza kuwa nyembamba, ili ubaki na mrija mnene wa sentimita 22 hadi 25 hivi. Kisha kata duara kutoka kifuniko cheupe cha kopo la siagi, liwe dogo kidogo kuliko upana wa chupa. Kwa kalamu ya wino mweusi usiofutika, chora msalaba mnene katikati yake, mistari iwe na upana wa nusu sentimita hivi. Plastiki hii huelea, kwa hiyo toboa vitundu viwili na ufunge kokoto chini yake kwa uzi. Itumbukize ndani ya chupa ilale sawasawa, msalaba ukiangalia juu.

Sasa bandika rula, au ukanda wa karatasi uliochorwa sentimita, nje ya chupa. Sifuri ianzie pale ulipo msalaba, si chini kabisa ya chupa. Kosa la sentimita mbili hapo litakufuata katika kila kipimo.

Kupima ni hivi. Koroga maji unayotaka kuyapima, kisha uyamimine polepole ndani ya chupa huku ukiangalia msalaba kutoka juu, jicho likiwa wima juu ya mdomo wa chupa. Maji yakizidi, msalaba utafifia. Msalaba ukikaribia kupotea, simama, acha mapovu yatoke, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka usiweze kutofautisha weusi na weupe. Soma rula. Kina hicho ndicho kipimo chako. Maji ya tope zito huuficha msalaba kwa sentimita tatu au nne tu. Maji angavu yataijaza chupa na msalaba bado utaonekana.

Fanya kazi hii nje, kivulini, usiipe chupa jua moja kwa moja, wala usipimie ndani ya nyumba yenye giza. Usiyaache maji yatulie ndani ya chupa, kwa maana tope litashuka na kuufunika msalaba. Apime mtu mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu macho ya watu si sawa. Kila maji yapimwe mara tatu, na uchukue namba ya katikati.

Kuna jambo moja dogo ambalo wengi hulipuuza: anayepima asijue anapima maji gani. Mwenzake amletee maji katika vikombe vilivyoandikwa herufi chini yake. Mtu akijua kwamba hiki ndicho kikombe cha chujio lake, atauona msalaba sentimita mbili zaidi bila kukusudia kudanganya.

Jaribio lenyewe

Ukijaribu chujio kamili peke yake, utajua tu kwamba maji yameongezeka uangavu. Hutajua kwa nini. Ili kujua kila kitu kinachangia nini, tengeneza machujio manne kwa chupa zinazofanana, zilizokatwa kitako na kupinduliwa mdomo chini. Kila moja iwe na kipande kilekile cha kitambaa chepesi kilichofungwa mdomoni kwa mpira ili vitu visimwagike, na kokoto kimo cha vidole viwili. Kisha la kwanza liwekwe leso iliyokunjwa tu, la pili mchanga tu, la tatu makaa tu, na la nne vyote vitatu. Maji yote yatoke ndoo moja iliyochotwa mara moja, na ikorogwe kila unapochota. Ukitumia maji ya asubuhi kwa chujio moja na ya jioni kwa jingine, utakuwa umeyapima maji ya mto, si machujio.

Mchanga uwe wa mtoni au wa machimbo, si wa ufuoni, kwa kuwa wa ufuoni una chumvi. Uchekeche kwa wavu wa mbu wa dirishani ili upate chembe ndogo, halafu uuoshe. Kuosha huku si kumwagia maji mara mbili. Tia mchanga ndani ya ndoo, jaza maji, koroga kwa mkono, mwaga maji yaliyochafuka, rudia. Utajua umetosha kwa kutia gao moja la mchanga ndani ya chupa ya maji angavu, kutikisa, na kusubiri kidogo: mchanga utashuka, na maji ya juu yake yakibaki na ukungu, endelea kuosha. Makaa nayo yapondwe yawe kama punje za mahindi yaliyovunjwa, upepete vumbi na majivu, kisha uoshe mpaka maji yasitoke meusi.

Tuchukue mfano wa nyumba moja karibu na mto, wakati maji yamechafuka. Namba zifuatazo ni za mfano tu, za kuonyesha jinsi ya kulisoma daftari. Zako zitategemea maji yako na mchanga wako.

Maji ya ndoo, kabla ya kuchujwa, yameficha msalaba kwa sentimita 4. Yaliyopita kwenye leso iliyokunjwa mara nne yamefika 5. Ya mchanga yamefika 11. Ya makaa yamefika 6. Ya chujio kamili, lenye vyote vitatu, yamefika 12.

Hapo mtu atasema chujio kamili ndilo bora. Tazama tena daftari. Chujio la mchanga, kwa vipimo vitatu, lilitoa 11, 12 na 11. Chujio kamili lilitoa 12, 11 na 12. Kipimo chetu chenyewe hutofautiana kwa sentimita moja kwa maji yaleyale, kwa hiyo tofauti ya 11 na 12 si tofauti. Kazi ya kuondoa tope imefanywa na mchanga. Makaa hayakuongeza kitu kinachoonekana kwa kipimo hiki.

Tuseme pia nyumba hiyo ilikuwa imejaribu, kabla ya hapo, mchanga na makaa ambayo hayajaoshwa. Mchanga ulitoa sentimita 3 na makaa 2. Yaani maji yalitoka machafu kuliko yalivyoingia! Hili hutokea sana, na ndilo linalowafanya watu wavunjike moyo na kulitupa chujio. Chujio jipya hutoa kwanza uchafu wake lenyewe. Pitisha lita kadhaa na uzimwage kabla ya kuanza kupima.

Halafu nyumba hiyo ikafanya jambo moja zaidi. Waliacha ndoo ya maji ya mto itulie usiku kucha bila kuguswa, asubuhi wakateka ya juu taratibu na kuyapima: sentimita 9, bila chujio lolote. Maji hayo yaliyotulia yakapitishwa kwenye mchanga, yakafika 18. Kumbuka kwamba kina kikiongezeka mara mbili, tope limepungua kwa nusu au zaidi. Usiku mmoja wa kungoja umefanya kazi inayokaribia ya chujio zima, tena bila gharama, na umelipunguzia chujio mzigo ili lisizibe upesi. Kama ni kuchagua hatua moja tu ya kuongeza nyumbani kwako, ningeanza na ndoo ya kutulizia maji kabla sijatafuta makaa.

Kwa nini mchanga haumalizi tope lote? Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno, chini ya elfu mbili ya milimita moja. Hupita katikati ya chembe za mchanga kama kuku anavyopita kwenye zizi la ng'ombe. Ndizo hizo hizo zinazobaki zikielea baada ya kutulia usiku kucha. Wanaotumia shabu huziunganisha chembe hizo zishikamane na kushuka, na kipimo kitakuonyesha tofauti hiyo vilevile.

Kipimo hakioni vijidudu

Ukubwa wa chembe hizo za udongo ndio unaotuleta kwenye jambo zito zaidi. Bakteria wa kipindupindu ana urefu wa elfu moja hadi tatu hivi ya milimita. Yaani anakaribiana kwa ukubwa na udongo uliopita kwenye mchanga wako. Ikiwa maji yaliyochujwa bado yana ukungu, umejionea mwenyewe kwamba vitu vya ukubwa huo vinapita. Na yakiwa angavu kabisa, bado hujui: maelfu ya bakteria ndani ya glasi ya maji hawawezi kuuficha msalaba.

Leso ni mfano mzuri wa jinsi uangavu na usalama vinavyoweza kwenda njia mbili. Katika jaribio letu ilionekana haina faida, sentimita 4 kwenda 5. Lakini huko Bangladeshi, mtafiti Rita Colwell na wenzake walichapisha mwaka 2003 matokeo ya utafiti katika vijiji 65, ambako akina mama walichuja maji kwa kitambaa cha sari kuukuu kilichokunjwa angalau mara nne. Wagonjwa wa kipindupindu walipungua kwa karibu nusu. Sababu ni kwamba katika maji ya huko bakteria hao hujishikiza kwa wingi kwenye viumbe vidogo vinavyoelea majini, na viumbe hivyo ni vikubwa vya kutosha kunaswa na kitambaa. Kitambaa kikuukuu kilifaa kuliko kipya kwa kuwa nyuzi zake zimechakaa na kutawanyika, zikapunguza matundu. Kwa hiyo usiitupe leso yako kuukuu kwa sababu ya kipimo cha chupa. Ikunje mara nne au zaidi, na baada ya kuchuja ifue na uianike juani. Lakini usiitegemee peke yake pia: nusu ya wagonjwa si wote.

Makaa nayo yana kazi ambayo chupa yetu haiioni. Hupunguza harufu na ladha mbaya, na hupunguza kiasi rangi ya majani yaliyooza, ile inayofanana na chai ya rangi. Kwa hilo tumia pua na ulimi baada ya maji kuchemshwa, si rula. Ila makaa ya jikoni si kama yale yanayotengenezwa viwandani kwa kusafishia maji; nafasi zake ni chache na hujaa mapema, na yakikaa miezi na miezi huwa makazi ya bakteria. Harufu ikianza kurudi, yabadilishe. Chumvi ya kisima haitolewi na chochote kati ya vitu hivi vitatu.

Wako watakaouliza kuhusu machujio makubwa ya mchanga, yale ya zege yanayojengwa nyumbani, ambayo yanajulikana kupunguza vijidudu kwa kiasi kikubwa. Hayo hufanya kazi kwa utando hai unaojijenga juu ya mchanga kwa wiki mbili hadi nne, na utando huo huishi kwa sababu juu ya mchanga hubaki maji ya kimo cha sentimita tano hivi wakati wote. Chupa yetu hukauka kila baada ya matumizi. Haina utando huo, na isihesabiwe kuwa ndugu yake.

Sasa uangavu una faida gani?

Faida yake ni kukuambia kama hatua inayofuata, ile ya kuua vijidudu, itafanya kazi. Klorini ikitiwa ndani ya maji ya tope huliwa na uchafu kabla haijawafikia vijidudu, na wengine hujificha ndani ya vipande vya udongo. Ndiyo sababu maelekezo ya dawa nyingi za maji hutaka kipimo maradufu kwa maji yenye ukungu. Maabara hupima ukungu kwa kizio kinachoitwa NTU. Shirika la Afya Duniani hupendekeza maji yanayotiwa klorini yawe chini ya 1 NTU inapowezekana, na chini ya 5 pale penye uhaba.

Hapa lazima ujue ukomo wa chupa yako. Msalaba ukionekana huku chupa imejaa sentimita 25, maji hayo bado yanaweza kuwa na ukungu mara kadhaa zaidi ya hiyo 5. Usiandike "safi", andika "zaidi ya 25". Ukiwa na maji mengi na pipa refu, unaweza kusogeza ukomo huo: funga kifuniko cheupe chenye msalaba kwenye ncha ya fimbo iliyochorwa sentimita, ukizamishe polepole ndani ya pipa, na usome kina kinapopotea. Sentimita 70 za pipa husema mengi kuliko 25 za chupa.

Kwa wanaotumia jua kuua vijidudu, kuna kipimo rahisi zaidi. Jaza maji yaliyochujwa kwenye chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita mbili, isimamishe juu ya gazeti, kwenye maandishi makubwa ya kichwa cha habari, na uangalie kutoka mdomoni hadi kitakoni. Ukiweza kusoma maandishi hayo, maji yako chini ya 30 NTU na jua litapenya: laza chupa juani saa sita mfululizo, au siku mbili nzima kukiwa na mawingu. Usipoweza kusoma, jua halitafika ndani. Rudi kwenye ndoo ya kutulizia, au uyachemshe. Kuchemsha mpaka maji yatokote kwa nguvu hufaa hata kwa maji yenye ukungu, na kama una kuni za kutosha hakuna kipimo kinachokuzuia.

Katika nyumba ya mfano wetu, sentimita 18 hazikutosha kusoma gazeti. Wakayatuliza maji siku mbili badala ya usiku mmoja na kuongeza kimo cha mchanga kutoka sentimita 10 hadi 18, wakapata "zaidi ya 25" na maandishi yakasomeka. Maji yalitoka polepole zaidi, nayo ni dalili njema.

Daftari la chujio

Andika mambo mawili kila wiki: kina cha msalaba kwa maji yanayotoka, na dakika zinazotumika kutoa lita moja. Ukiandika kimoja tu utapotoka. Maji yakianza kutoka haraka ghafla huku kina kikishuka, mchanga umepasuka njia pembeni mwa chupa na maji yanapita bila kuchujwa. Umwage wote uupange upya ukiwa na maji. Muda ukiongezeka mara mbili huku kina kikibaki palepale, sehemu ya juu imeziba. Hapo huhitaji kuosha mchanga wote: ondoa sentimita mbili za juu, uzioshe kwenye ndoo kama mwanzo, uzirudishe, na umwage lita ya kwanza. Na kama maji ya mtoni yamebadilika, mathalani mafuriko yamefika kutoka bara, pima kwanza maji yanayoingia kabla hujalilaumu chujio. Kina cha 11 kutoka maji ya 4 na kina cha 11 kutoka maji ya 8 si kazi sawa.